Nukuu zimenimiminikia usiku mmoja: wametumwa au wamechukia tu?

Tumaini: Niliandika mtandaoni kwamba mtu asirekodi tamasha zima kwa simu, anawaziba walio nyuma. Hadi asubuhi nukuu, yaani watu kuisambaza posti yangu na maneno yao juu, zimepita 400, nyingi matusi. Huu ni mpango, au watu wamekataa tu maoni yangu?

Kipanga: Mpango mtupu. Watu 400 hawaamki na hasira moja.

Mzee Kalamu: Wingi peke yake hauthibitishi kitu. Fungua orodha ya nukuu, shuka hadi ya kwanza, angalia saa. Kisha mtafute mwenye wafuasi wengi aliyenukuu mapema. Kama kabla yake zilikuwa chache, zikafumuka baada yake halafu zikapungua taratibu, hao ni wafuasi wake, kila mtu kaja kwa hasira zake.

Bi Shani: Kwa hiyo mwenye wafuasi laki mbili hana lawama? Mimi mmoja wa hao alininukuu, akaandika "oneni huyu" tu. Nilifunga akaunti.

Ndago: Anayeandika hadharani avumilie. Mnaotaka sifa andikeni kwenye daftari.

Bi Shani: Nani kaomba sifa, Ndago? Waliosambaza picha ya mwanangu walikuwa wanajadili?

Ndago: Picha ya mtoto sitetei hata kidogo. Lakini usinitwishe maovu ya watu, nimesema kuhusu maoni.

Kipanga: Ndiyo maana wenye mtandao wa Mastodon walikataa nukuu kabisa.

Mzee Kalamu: Walikataa miaka mingi, wakaziruhusu 2025, na mwenye posti ndiye anayeamua nani amnukuu. Bluesky nako tangu 2024 unaweza kuiondoa posti yako kwenye nukuu ya mtu. Bi Shani, lawama anayo, ila kuwaonyesha watu posti si sawa na kuwapanga. Waliopangwa huacha alama: maneno yaleyale hadi kosa la tahajia, au skrinishoti iliyokatwa vilevile.

Tumaini: Nimeshuka. Saa 2 usiku zilikuwa sita. Saa 3:10 kanukuu shabiki mmoja wa msanii, ana wafuasi 90,000, ndipo yakaja mafuriko. Ila kama 30 zimeandika "hatununuwi adabu", zote na hiyo w.

Kipanga: Si nilisema!

Mzee Kalamu: Thelathini, si 400. Huyo wa 90,000 kaliandika hilo neno? Kama kaliandika, wamemwiga.

Tumaini: Hajaliandika. La kwanza ni la 3:04, kabla yake, na ndani ya dakika tano yalikuwa zaidi ya 20.

Mzee Kalamu: Hapo nashuku walipeana maandishi kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, wakanakili. Akaunti zao zilifunguliwa lini?

Tumaini: Miaka tofauti. Nyingi zina picha za watu na maisha yao ya kila siku.

Mzee Kalamu: Basi ni watu halisi. Wamepeana neno, lakini sioni akaunti bandia. Waliobaki siwezi kuwaita genge.

Ndago: Na mashabiki kupeana neno ni kosa? Wanaodai haki hufanya hivyo kila siku.

Bi Shani: Wanaodai haki husema wazi kwamba wameungana. Hawa walijifanya hawajuani.

Ndago: Na wewe umejuaje walichojifanya?

Bi Shani: Nenda kazisome hizo 30, kisha urudi hapa.