Sura ya maneno 9,000 "inayumba": nisahihishe sentensi au nikague mpangilio kwanza?

Kirumba: Wakuu, naombeni ushauri. Sura ya matokeo ya tasnifu yangu ya uzamili imefika aya 46. Hoja yangu ni kwamba wanawake wanaoanika dagaa mchangani huku Ziwa Victoria wanajua faida ya kichanja, ila mnunuzi hawaongezei bei, kwa hiyo gharama yake hairudi. Msimamizi kasema sura inayumba. Nimeshanyoosha lugha kurasa sita, na bado inayumba. Nasikia kuna kuandika muhtasari kutoka kwenye rasimu yenyewe. Unafanywaje?

Sija: Soma vichwa vidogo mfululizo. Vikifuatana vizuri, mpangilio uko sawa.

Mama Karani: Vichwa vinasaidia, Sija, lakini kichwa hutaja mada tu, hakisemi aya inadai nini. Kirumba, acha kwanza kusahihisha. Chapisha rasimu, zipe aya namba. Kila aya iandikie pembeni sentensi moja kamili ya inachodai, kisha maneno machache ya kazi yake kwenye hoja. Ukiandika "inahusu vichanja" bado hujasema kitu. Andika "dagaa wa kichanja hawashiki mchanga". Aya ikihitaji sentensi mbili, imebeba mizigo miwili. Na uandike kilichopo kwenye karatasi, si ulichokusudia. Hapo wengi hujidanganya, ndiyo maana naiacha rasimu ilale siku kadhaa kwanza. Mwisho funika rasimu, usome sentensi zako 46 peke yake, hoja yako ikiwa mbele yako.

Bahari77: Mimi mwandishi wa hadithi. Muhtasari naandika kabla ya kuanza, sipotei kabisa. Ungeanza hivyo.

Mama Karani: Huo unaonyesha ulichopanga, Bahari. Yeye anatafuta alichoandika.

Kirumba: Nimerudi baada ya wiki. Aya ya 3 hadi ya 16 zote zinadai kwamba mafunzo ya vichanja yaliwafikia wachache. Bei inatokea aya ya 31! Ya 12 na ya 27 zina sentensi ileile. Yaani msomaji anatembea aya 14 akiamini tatizo ni kutojua, kinyume kabisa na hoja yangu. Na zile kurasa sita nilizonyoosha zimo humo humo. Nizifute?

Mama Karani: Usifute bado. Hamishia sentensi zako kwenye vipande vya karatasi, uzipange upya mezani. Bei itangulie, mafunzo yafuate kama maelezo unayoyapinga, kwa aya nne hivi. Ila kuna jambo mpangilio hauwezi kuliokoa: una ushahidi kwamba hata waliofunzwa wanaanika mchangani?

Kirumba: Ninao. Niliwahoji saba waliofunzwa, watano bado wanaanika mchangani.

Sija: Saba ni wachache, mkuu.

Mama Karani: Hilo kaliulize kwa msimamizi. Hao watano wako aya ya ngapi?

Kirumba: Ya 38. Sentensi moja, ndani ya mabano.