Naomba ushauri: cheti cha Skramu kwa mtu asiyeandika programu, kinalipa?

Mwana_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni ofisa mradi kwenye shirika moja hapa Mwanza, tunashughulika na lishe ya watoto. Programu siandiki hata mstari mmoja. Mkataba wangu unaisha Desemba, na wiki hii nimeona matangazo mawili ya kazi yaliyoandika kwamba mwenye cheti cha Skramu au ajaili, ile mitindo ya timu kufanya kazi kwa vipande vifupi na kurekebisha mpango njiani, atapewa kipaumbele. Kuna mafunzo ya siku mbili yanakuja. Kwa mtu kama mimi, kinalipa au nitatupa hela? Naombeni ushauri wa kweli, usingizi sipati.

Mzee_wa_Pasiansi
Mwanangu, elimu haiozi. Mwaka 1999 nilisomea kompyuta, wenzangu wakanicheka. Mashine ilipoletwa stoo, bosi akauliza nani anaijua. Nikanyoosha mkono peke yangu. Nenda kasome.

Kodi_Tupu
Skramu ni ya sisi watu wa programu, mkuu. Huko kwenye lishe utafanya spirinti ya uji? Okoa hela yako.

Mama_Ratiba
Kodi_Tupu, hapo umepatia nusu. Jina lenyewe lilitokana na makala ya Wajapani wawili, Takeuchi na Nonaka, ya mwaka 1986. Walikuwa wanaeleza timu zilizotengeneza mashine za fotokopi, kamera na magari. Mwongozo wa Skramu uliotoka 2020 nao ulipunguza maneno yaliyonukia programu. Cha kuuliza ni kazi yako ni ya aina gani.

Nitoe mfano wangu. Tulikuwa sita, tunaandaa kitabu cha picha cha kuwafundisha wakulima kupima mbolea kwa kizibo cha soda. Zamani tungeandika kitabu kizima, tukakichapa, tukakigawa. Safari hii tulikata kazi vipande vya wiki mbili, ndizo spirinti zenyewe. Mwisho wa kila kipande tunapeleka kurasa chache kijijini, tunakaa na wakulima, tunawaacha wasome wenyewe. Kwenye ukurasa wa tatu tulichora mshale kutoka kizibo hadi shina la mhindi. Mama mmoja akachota mchanga na kizibo, akaumwaga palepale kwenye shina. Kwa mbolea ya chumvichumvi, mche ungeungua. Tukachora upya, tukaonyesha kishimo pembeni ya shina. Kitabu kilikuwa bado hakijaenda kwa mchapaji.

Mwaka huohuo tulijaribu mtindo uleule idara ya manunuzi, ukakwama. Wale wanapokea maombi kila siku na kungoja saini za watu watatu. Huwezi kuwaambia wafunge orodha ya kazi kwa wiki mbili wakati dawa zimeisha zahanati leo asubuhi. Kilichowasaidia ni ubao wa Kanban, unaoonyesha kila ombi limefika hatua gani, na sheria moja: hakuna kuanzisha ombi jipya kama matano yamelala mezani.

Kwa hiyo kama mradi wako unatengeneza kitu kinachoweza kujaribiwa kidogokidogo na walengwa, utaitumia. Kama wafadhili wameshafunga kila shughuli na tarehe yake kwenye mkataba, itabaki kwenye karatasi. Sasa niambie: cheti gani, cha nani, bei gani?

Mwana_Nyegezi
Ahsante sana dada. Ni cha Skramu tu, cha kimataifa. Mwalimu ni mzoefu.

Dada_wa_Kahama
Mimi niko idara ya rasilimali watu. Maombi yakiwa mengi, cheti kinakuvusha chujio la kwanza. Ila kwenye usaili huwa nauliza: lini ulibadilisha mpango baada ya kuwasikiliza walengwa? Wengi wenye cheti hapo wanatazama dari. Na hujamjibu Mama_Ratiba. Cha nani, na bei gani?

Mwana_Nyegezi
Sawa, niseme tu. Nimeshalipa laki nne kati ya laki nane na nusu. Ni mkopo wa kikoba, mke wangu ndiye mdhamini. Mwalimu nilimpata kwenye kundi la Wasap. Amesema mtihani wasaidizi wake watatufanyia, cheti ni uhakika. Kundi lina watu karibu mia mbili, na ametuonyesha picha za vyeti vya waliotangulia. Siyo mtu wa mtaani, anaongea kwa heshima sana.

Mama_Ratiba
Pole, kaka. Soma polepole.

Vinavyotajwa zaidi ni viwili. CSM ni cha Scrum Alliance: lazima uhudhurie mafunzo ya mwalimu aliyethibitishwa nao, kisha unafanya mtihani wa maswali 50 na unatakiwa upate 37. Kila baada ya miaka miwili unakihuisha kwa dola 100 na saa 20 za kujiendeleza. PSM I ni cha Scrum.org: mafunzo siyo lazima, mtihani ni dola 200, maswali 80 kwa saa moja, kufaulu ni asilimia 85, na hakiishi muda. Mwongozo wa kusoma ni wa bure mtandaoni, ni kurasa chache tu. Mimi nilifanya hicho cha pili mwaka 2021, baada ya miezi miwili ya kusoma usiku.

Sasa fungua tovuti ya Scrum Alliance, utafute jina la mwalimu wako kwenye orodha ya walimu. Hayumo, basi hawezi kukupa CSM. Na atakayekufanyia mtihani anakuuzia aibu. Siku ya usaili utaulizwa nani ana haki ya kuivunja spirinti katikati, utabaki unamtafuta msaidizi wake.

Nyundo_Butu
Nasitasita na huu uzi. Wiki mbili zilizopita mleta mada aliuliza bei ya kuku chotara akasema yuko Kigoma. Leo yuko Mwanza, ana mke, ana kikoba. Au ndiye mwalimu mwenyewe, keshokutwa ataweka namba ya simu hapa?

Kodi_Tupu
Hahaha, nami nilishangaa. Laki nane na nusu bila kuuliza cha nani?

Mwana_Nyegezi
Kigoma ni kwetu, kuku ni wa mama. Mkataba ukiisha bila kazi ndiko nitakakorudi, ndiyo maana niliuliza. Ningekuwa natunga nisingejianika na deni la kikoba. Nilimwamini kwa sababu ofisini wawili wamelipia kwake.

Mzee_wa_Pasiansi
Mwachieni kijana. Ila hao wawili, vyeti vyao umeviona kwa macho?

Mwana_Nyegezi
Bado, mzee. Wanasema vinakuja.

Nyundo_Butu
Haya, tuseme ni kweli. Hiyo laki nne dai leo. Hata kama haujatunga, mwalimu wako anatunga.

Mwana_Nyegezi
Nimetafuta jina lake, halimo. Nimempigia, anasema yeye yuko chini ya mwalimu mkubwa aliye Nairobi na cheti kitatoka kwa huyo. Inawezekana, siyo? Sitaki kumhukumu mapema, na laki nne nimeshatoa.

Mama_Ratiba
Inawezekana darasa likawa na msaidizi. Lakini anayekusajili ni yule mkubwa, na darasani lazima awepo. Omba jina lake kamili, kisha litafute palepale ulipotafuta la kwanza. Laki nne nyingine na nusu usitoe.

Mwana_Nyegezi
Kesho saa nne asubuhi nakutana naye Makoroboi. Nitaomba jina, nitafute mbele yake. Mke wangu bado hajui habari ya msaidizi wa mtihani, usiku huu namweleza.