Mrejesho: makisio matatu ya paa

"Nimepata makisio matatu ya kuezeka nyumba Wete: milioni 6, milioni 7.8 na milioni 8.1. Nimchukue wa chini?"

Assalaam alaykum. Mimi ndiye niliyeuliza swali hilo. Niliwapa mafundi wote watatu orodha moja ya kazi wajaze bei upya, na tofauti ikajitokeza: yule wa milioni 6 alikisia bati za geji 32, ambazo ni nyembamba kuliko geji 28 za wenzake na kwa upepo wetu wa chumvi hazikawii kutoboka, tena hakuhesabu kofia za paa, dawa ya mbao wala nauli ya meli kutoka Unguja. Alipoyaingiza yote, akafika milioni 8.3. Wa milioni 7.8 alikuwa ameacha kubomoa paa kuukuu tu, laki 2, akafika milioni 8. Nimempa yeye kazi kwa maandishi, na unene wa bati nitaupima mwenyewe kabla hazijapanda juu.