Tupeane uzoefu: uliwahi kukimbia hatari kazini Uganda, bosi akakufukuza?

Mchimba_Busia: Naanza mimi. Tulikuwa tunachimba mfereji wa bomba Kampala, kina chake kinanipita kichwa, hakuna hata ubao mmoja wa kuzuia udongo. Mvua ilinyesha usiku. Asubuhi nikaona ufa umeenda sambamba na ukingo, kidole changu kikaingia chote, na kifusi kimelundikwa papo hapo juu. Nikapanda ngazi. Fomani akasema, “Shuka au nenda nyumbani.” Sikushuka. Jioni nikaambiwa nisirudi. Wenzangu mlifanyaje?

Mama_Sajda: Pole kaka. Mume wangu alivunjika mguu kwenye jengo na hadi leo hajalipwa fidia. Aanzie wapi?

Mchimba_Busia: Pole sana dada, ila hiyo ni fidia ya ajali. Mimi sikuumia, nilifukuzwa kabla ya kuumia.

Fundi_Bombo: Bila barua ya kufukuzwa huna kesi. Na sheria inakuruhusu kukataa kazi yoyote ya hatari.

Mzee_wa_Chama: Fundi, umepata nusu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamlinda anayejiondoa penye hatari ya sasa hivi, akiwa na sababu ya maana ya kuamini hivyo. Kazi ya mfereji peke yake haitoshi, ila ufa ule baada ya mvua ni sababu. Barua nayo si lazima, neno la mdomo linathibitishwa na mashahidi.

Niliwahi kumsindikiza kijana wa kiwandani aliyekataa kuingiza mkono kwenye mashine iliyoondolewa kinga. Kilichomwokoa ni kwamba hakwenda nyumbani. Alimwambia msimamizi mbele ya wenzake wawili, “Mashine haina kinga, nipe kazi nyingine,” akakaa palepale getini hadi zamu ikaisha. Akatuma na meseji, kwa hiyo saa ikabaki kwenye simu. Bosi alipodai kijana ametoroka kazi, meseji ile ikamuumbua.

Mchimba, ulifukuzwa lini?

Mchimba_Busia: Wiki ya tano sasa. Nilikuwa nimefanya miezi minne, kibarua cha kulipwa Jumamosi.

Mzee_wa_Chama: Basi hujachelewa. Nenda kwa afisa kazi wa wilaya kabla ya miezi mitatu kuisha tangu siku uliyofukuzwa. Sheria ya Ajira inataka uwe umefanya wiki 13 mfululizo, nawe umezipita. Mweleze pia kwamba hukuitwa kujitetea ukiwa na mtu wako pembeni. Kosa hilo peke yake lina malipo ya wiki nne.

Fundi_Bombo: Mfululizo? Mvua ikinyesha vibarua hatuitwi siku tatu, nne. Bosi hatasema zimekatika?

Mzee_wa_Chama: Atasema, nimewahi kuwasikia. Daftari la mahudhurio analo yeye, Mchimba. Wewe una nini?

Mchimba_Busia: Meseji za mobile money za kila Jumamosi. Sijafuta hata moja.