Tupeane uzoefu: Mwenza anasifiwa na kila mtu nje, ndani ni mtu mwingine, na marafiki hawakuamini

MamaNuru_Tabata
Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni mweka hazina wa kwaya, na mtaani kwetu ukitokea msiba yeye ndiye wa kwanza kufika. Anabeba viti, anaandika michango, anajua majina ya watoto wa majirani wote. Kwenye harusi ya binamu yangu alinikataza kusimama, akaenda kunipakulia mwenyewe, akarudi na sahani na maji ya kunawa. Meza nzima wakaguna, wengine wakawageukia waume zao.

Tulipoingia kwenye gari akafunga mlango, akazima redio. Redio ikizimwa mimi nimeshajua. "Ulikuwa unacheka nini na yule mpiga picha?" Njia nzima ni swali hilo hilo, nikijibu ni kosa, nikinyamaza ni dharau. Tulipofika akanitupia shuka sebuleni, na hakunisemesha mpaka Jumapili, ambapo kanisani alinishika mkono kuanzia getini.

Nilipomsimulia rafiki yangu aliniuliza, "Huyu huyu aliyekupakulia chakula?" Nikakosa la kusema. Mliopitia haya, mlieleza vipi mkaeleweka? Msiniambie niombe, kuomba naomba.

BabaMjengo
Pole sana dada. Ila tuseme ukweli, wanaume wengi tunatoka na sura mbili. Kazini unatukanwa na bosi, unacheka nae, unameza. Ukifika nyumbani ndipo unapotema. Ni msongo huo. Jaribu kumwacha apumzike kwanza akiingia, usimpokee na maswali.

Chausiku wa Igoma
Kaka BabaMjengo, mimi niliwahi kufanya kazi za ndani hapa Mwanza, ngoja nikwambie nilichokiona kwa macho yangu. Baba wa ile nyumba alikuwa anamfokea mama, sauti inafika mpaka jikoni. Katikati ya neno "mpumbavu" ikapigwa hodi. Akanyamaza hapo hapo, akajifuta mdomo kwa kiganja, akafungua mlango: "Karibu sana mwenyekiti, tena mama watoto alikuwa anakutaja sasa hivi." Wakakaa, wakanywa chai, wakacheka kwelikweli, mimi ndiye niliyepeleka vikombe. Mgeni alipotoka, baba akarudisha komeo na kuendelea na lile neno pale pale alipolikatia.

Sasa niambie, huo msongo ulikwenda wapi wakati mwenyekiti anakunywa chai? Mtu aliyezidiwa na hasira hasimami hivyo halafu akaendelea. Yule alikuwa anajua vizuri nani asikie na nani asisikie. Mimi nilisikia kwa kuwa mbele yake sikuwa mtu. Na hakuna rafiki hata mmoja wa mama aliyewahi kuniuliza chochote. Dada wa kazi nani amuulize?

BabaMjengo
Hilo la hodi limenigusa, nakiri. Lakini bado nasema wapo wenye msongo wa kweli, tusiwaweke wote kapu moja.

Chausiku wa Igoma
Mwenye msongo anamfokea hata mwenyekiti.

Neema K.
Wangu pia ni hivyo hivyo! Nje anamwaga, nyumbani mkono wa birika. Juzi kawanunulia vinywaji baa nzima, mimi naomba ada ya mtoto naambiwa hali ngumu. Hivi ada ya darasa la kwanza mwanamke anaweza kumdai mume ustawi wa jamii au mpaka mahakamani?

BintiPwani
Neema hilo lako ni la matunzo, lina njia yake, tusichanganye.

MamaNuru, mie ni wa Mombasa. Kwetu shida huanza kabla hata hujafungua mdomo. Somo wangu alinifunza tangu siku za kuchezwa kuwa nyumba ni sitara, na mwanamke anayetoa ya chumbani barazani amejivua nguo mwenyewe. Mwenzangu niliyemwendea naye kafunzwa hayo hayo. Kwa hivyo nilipomweleza, hakuwa anapima kama nasema kweli. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu. Akabadilisha mazungumzo, akaniuliza kama nimeshaanika samaki. Nilikasirika siku nyingi, nikadhani haniamini, kumbe aliniamini vizuri tu, aliona kulisema ndiko vibaya.

Aliyenisaidia ni shangazi yangu, mama mtu mzima. Hakuhitaji kushawishiwa. Alisema, "Nilimwona anavyokutazama ulipomwaga chai, kabla hajacheka."

Njoro_mkulima
Na wanaume je, ama hatuhesabiwi? Mimi niko upande wa Nakuru. Mke wangu ni muuguzi, mwenyekiti wa chama, wagonjwa wanamwita malaika. Nyumbani alikuwa akinirushia sufuria na kuniita mwanamume bure mbele ya watoto. Nilipowaambia marafiki walicheka mpaka wakashika mbavu, mmoja akasema mimi ndiye nimeshindwa na kazi ya kuwa mume.

Lakini mniruhusu niwaonyeshe kitu kingine. Kabla sijamwambia mtu yeyote, yeye alikuwa amewapigia tayari. Alimpigia mama yangu akilia: "Mama, niombee mtoto wako, siku hizi ananishuku tu, halali, sijui ni pombe." Mimi sinywi. Alimwambia pia ndugu yangu mkubwa, na pasta. Kwa hivyo nilipofika na malalamiko yangu, kila mtu aliyaona kama dalili ya ule ugonjwa aliokuwa ameshawatangazia. Nikikasirika kwa kutoaminiwa ndiyo nawathibitishia. Kwetu Kenya sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani haichagui mume au mke, na haisubiri upigwe, matusi na kudhalilishwa imeyataja. Lakini sheria iko kwa karatasi, mama yangu yuko kwa simu.

Mzee wa Kigoda
Wanangu, nimesoma yote. Nimewahi kukaa miaka kadhaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, huku Tanzania Bara. Mengi mnayoyasema yalipita mbele yangu, nami nitaeleza la mama mmoja, bila jina wala kata.

Kikao cha kwanza mume alifika mapema, shati limepigwa pasi, akatuamkia mmoja mmoja kwa heshima. Alikuja na mashahidi wawili wa tabia yake, mmoja alikuwa mzee wa kanisa. Mama alifika amechelewa, analia, akaeleza ndoa nzima kwa pumzi moja. "Ni mkatili, ananinyanyasa kila siku, ananidharau." Mwenyekiti akamwomba atoe mfano mmoja. Akasema, "Mifano ni mingi, ni kila siku." Nilitazama wajumbe wenzangu, nikaona tayari wameshaegemea upande. Huyu ametulia, yule hatulii. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mmoja alilala vizuri jana yake na mwingine hakulala.

Marafiki zenu ni baraza lile lile. Ukimwambia rafiki "mume wangu ni mkatili," umempa hukumu, naye ana ushahidi wake wa macho unaoipinga, ile sahani ya pilau. Hukumu yako na sahani aliyoiona havikai pamoja, kwa hiyo anabaki na alichokiona.

Kikao kilichofuata yule mama alikuja na daftari la shule. Sijui nani alimfundisha. Kila ukurasa una tarehe, saa, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, nani alikuwa karibu, na nini kilifuata. Hakuna neno "mkatili" hata mara moja. Mwenyekiti akachagua ukurasa mmoja, akamgeukia mume: "Usiku huu ulimfungia mlango, akalala kwa mpangaji wa uani?" Mume akajibu haraka, "Alichelewa kurudi kwenye kikoba, nilimwambia saa moja." Ukurasa mwingine: "Ulimwambia mbele ya mtoto kwamba ulimwokota?" Akasema, "Ulikuwa utani, yeye hajui utani."

Mmeona? Neno "mkatili" angelikana mpaka jioni na mzee wa kanisa angemuunga mkono. Tukio lenye tarehe hakulikana, alilitetea. Mzee wa kanisa hakusema tena. Tukamwita mpangaji wa uani, akasema ndiyo, alimpa mkeka.

Kwa hiyo ukimwendea rafiki, peleka tukio moja, dogo, na usibishane na mazuri aliyoyaona. Mwambie kweli alinipakulia, nawe ulimwona, sasa sikiliza kilichotokea garini saa moja baadaye.

MamaNuru_Tabata
Shikamoo mzee. Lakini hajanipiga. Nikifika huko si watauliza alama ziko wapi?

Mzee wa Kigoda
Marahaba mwanangu. Wataokuuliza wapo, hata askari wapo. Ila Sheria ya Ndoa ya 1971, inapotaja mambo yanayoonyesha ndoa imevunjika, kifungu cha 107 kinataja ukatili wa mwili au wa akili. Alama si sharti. Na elewa kwamba kuja barazani si lazima iwe unataka talaka. Wengine huja tu ili mtu wa tatu aandike. Ukifika huko kwenye talaka, mahakama kwa kawaida itadai cheti cha baraza kwamba usuluhishi umeshindikana, na kisiwe kimepita miezi 6 tangu kitolewe. Wapo waliokikalia kabatini wakalazimika kuanza upya.

Chausiku wa Igoma
Mzee nakuheshimu, ila hilo daftari litalala wapi? Mume wa hivyo anapekua. Yule wa kwetu alikuwa anahesabu hata njiti za kiberiti. Akilikuta siku hiyo si ya kumpakulia mtu chakula.

BintiPwani
Kweli kabisa. Na simu nayo si mahali, hasa ikiwa neno la siri analijua. Mie nilimwandikia shangazi ujumbe usiku ule ule, kisha nikaufuta kwangu. Kwake umebaki na tarehe yake. Na naye akijibu nilimwomba ajibu kuhusu vitumbua tu.

Njoro_mkulima
Mimi nilijaribu kurekodi sauti. Ndugu yangu alisikiliza akasema nimemchokoza makusudi ndiyo nimnase. Labda ningeandika tu.

Mzee wa Kigoda
Chausiku yuko sahihi, daftari la yule mama lilikuwa likilala saluni kwa mwenzake. Kama hakuna pa kulala salama, lisiwepo, ujumbe wa BintiPwani unatosha. Na akianza kukutishia maisha au kukukaba, hapo si habari ya daftari wala baraza tena, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

MamaNuru_Tabata
Asanteni. Rafiki yangu ana duka la vitenge. Nitamwelezea la garini peke yake, na nitamwomba anitunzie daftari. Akikataa nitajua ni haya kama alivyosema BintiPwani, au ni kweli haniamini. Sijui lipi litaniuma zaidi.

BabaMjengo
Akikataa urudi hapa utuambie.

Neema K.
Na lile la ada jamani?