Krediti 400 zimebaki, vipande 3 bado: nirende vipi video ya mashua?

MwanaMkomani
Asalaam aleikum wanajamvi. Natengeneza tangazo la sekunde 20 la safari za mashua hapa Lamu, na picha zote nazitoa kwa AI. Ni vipande 4 vya sekunde 5: mashua ikipita Shela jua likizama, mkono wa nahodha kwenye usukani, punda akitembea ukingoni mwa bahari, na sahani ya samaki wa kupaka. Tangazo ni la kutazamwa kwenye simu, kwa hiyo ni la wima.

Nilinunua krediti 1,000. Sekunde moja ya 1080p inakula 20, ya 480p inakula 5, picha ya mnato ni 2. Nimerenda mara 6 kwa 1080p, 600 zimekwenda, na kilichofaa ni samaki peke yake. Sasa nataka kuanza na rasimu za 480p za sekunde 3, nikipenda ndipo nirende 1080p. Je, itatoka vilevile nilivyoiona? Kuna pia kitufe cha Upscale, krediti 4 kwa sekunde, sijakigusa.

Kidau_Langoni
Waleikum salaam dada. Mbona rahisi? Rasimu ikikupendeza, nakili namba iliyo kwenye Seed, ibandike tena, usibadilishe hata neno moja la maelezo, kisha panda hadi 1080p. Namba ileile, video ileile.

Malindi3D
Mimi kwenye Blender huweka Resolution 25%, napunguza Samples, narenda fremu moja katika kila kumi. Mwendo nikishauridhia, narudisha 100% na kuiacha kompyuta usiku kucha. Haijawahi kutoka tofauti. Na krediti za nini? Kwani huna kompyuta?

FundiTanga
Malindi3D, yako haitoki tofauti kwa sababu mashua yako tayari ipo: umbo, taa na njia ya kamera umeviweka mwenyewe, renda inavipiga picha tu. Hapa mashua haipo. Inazuliwa upya kila unapobonyeza.

Na hapo ndipo Kidau alipokosea kidogo. Seed huamua chengachenga za mwanzo ambazo video inachongwa kutoka kwazo. Ukibaki 480p na sekunde zilezile, aghalabu utarudishiwa kitu kilekile. Lakini 1080p ina pikseli kama mara 5 zaidi, kwa hiyo tandiko la chengachenga ni la ukubwa mwingine, na namba ileile inalijaza kwa namna nyingine. Mashua iliyokuwa kushoto inaweza kutokea kulia. Kubadili sekunde kuna athari hiyohiyo.

Kwa hiyo dada, usianze na video, anza na picha ya mnato, ya wima vilevile. Kwa krediti 2 unaweza kugombana na tanga mpaka likae sawa. AI hupenda kutoa tanga la yoti, lenye mti mlalo chini yake. Wewe dai foromali ndefu iliyoinama, ncha ya chini upande wa omo, ya juu ikielekea tezi, na mlingoti mmoja. Picha ikikaa sawa, ipandishe kama fremu ya kwanza ya video. Sasa rasimu na ya mwisho zitaanza mahali pamoja, tofauti itakayobaki ni hasa ya mwendo.

Kuhusu sekunde 3, mimi singefanya hivyo kwa vipande vifupi kama vyako. Ukimwambia punda atembee kutoka pembe moja hadi nyingine kwa sekunde 3, atakimbia, nawe utabadilisha maelezo kumtibu ugonjwa ambao kwenye sekunde 5 hana. Halafu makosa mengi huja mwishoni: miguu ya punda kupishana ikawa mitano, vidole kuyeyukia kwenye usukani. Rasimu fupi haikuonyeshi hayo. Bana ubora, si urefu.

Kidau_Langoni
Hapo kwenye ukubwa nimekuelewa, sikujua. Lakini kwa kipande cha sekunde 10 bado ningejaribu 5 kwanza, ni nusu ya gharama.

FundiTanga
Kwa kipande kirefu sawa, mradi kwenye rasimu uandike tendo la mwanzo tu, usisongeze yote.

MwanaMkomani
Shukran. Sasa 400 nizigawe vipi?

FundiTanga
Picha 5 kwa kila kipande, jumla 15: krediti 30.

Mkono na punda, rasimu 3 kila kimoja kwa 480p, sekunde 5. Kila rasimu ni 25, zote 150. Ile bora usiirende upya; ibonyezee Upscale, 20 kila moja, 40. Kitufe hicho kinakuza video uliyokwisha kuiona, kwa hiyo mwendo haubadiliki. Udhaifu wake ni kwamba kisichokuwemo hakiongezi. Mkono ulio karibu na kamera una pikseli za kutosha, utakuzwa vizuri.

Mashua ni kesi nyingine. Iko mbali, abiria ni vidoadoa, kamba ni uzi. Kwenye 480p nyuso ni uji, na ukiukuza uji unapata uji mkubwa. Hiyo rasimu mbili, 50, kisha 1080p kwa 100.

Jumla 370. Zinabaki 30, na hizo usiziguse. Ile ya 100 ikiharibika, unayo rasimu nzuri ya mashua ya kuikuza kwa 20. Haitakuwa safi, lakini tangazo litakamilika.

Ukitazama rasimu ya mashua, angalia povu. Likiwa refu mbele ya omo na nyuma ya tezi maji yametulia, mashua inarudi kinyumenyume; hilo hutokea sana. Kisha angalia bendera na tanga kama vinapokea upepo mmoja. Haya yote yanaonekana 480p. Sura za watu usizihukumu hapo.

Zima pia Audio kwenye rasimu kama huduma yako inatoza sauti. Na jina la mashua liandike wakati wa kuhariri. AI ikiandika ubavuni mara nyingi hutoa herufi zilizochanganyikana hata kwa 1080p.

Malindi3D
Swali tu: hiyo 480p na 1080p ni modeli moja? Nimeona kwingine rasimu ikitumia ile ya Fast.

FundiTanga
Umeuliza la maana. Ikiwa ni modeli nyingine, rasimu itakuonyesha mpangilio lakini mwendo utakuwa wa kubahatisha zaidi, na 50 za mashua zitakuwa kama za bahati nasibu. Dada, soma jina la modeli juu ya kitufe cha kurenda katika viwango vyote viwili vya ubora.

MwanaMkomani
Nimeangalia. 480p inaandika jina lilelile na neno Fast mbele yake. 1080p haina Fast. Nikijaribu kuiondoa Fast kwenye 480p, bei inapanda kutoka 5 hadi 8 kwa sekunde.

Kidau_Langoni
Basi 40 kwa rasimu moja. Hesabu ya Fundi imevunjika.

FundiTanga
Haijavunjika yote. Mkono na punda acha kwenye Fast, kwa sababu unachokiona ndicho utakachokikuza. Mashua peke yake itoe bila Fast, rasimu moja ya 40 badala ya mbili za 25. Unaokoa 10, unapoteza jaribio moja. Kama rasimu hiyo moja itakutosha, hilo litategemea picha yako ya mnato, kwa hiyo hizo 10 ziongeze huko, picha 5 zaidi za mashua.

MwanaMkomani
Picha ya 4 ina foromali sawa, ila tanga ni mawili. Naendelea.