Mrejesho: kinundu cha mama kwenye tezi ya thairoidi

Niliuliza: "Mama ana kinundu cha sentimita 2.4 shingoni, sindano imetoka Bethesda III, yaani seli hazionyeshi wazi kama ni saratani au la. Apasuliwe au tungoje?"

Jamani wa Mombasa, asanteni sana. Seli zilipelekwa nje kupimwa jeni, na majibu yakaja: NRAS imebadilika, lakini BRAF V600E na TERT hazina shida.

Daktari alitueleza kwamba kipimo kingekuwa hasi, uwezekano wa saratani ungeshuka hadi asilimia 3 au 4 hivi, na mama angefuatiliwa kwa altrasaundi tu. BRAF V600E ingemaanisha karibu hakika ni saratani. NRAS iko katikati: huonekana kwenye saratani, na pia kwenye vinundu visivyo na madhara. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kungoja hakukufaa. Sindano huchota seli chache, haiwezi kuonyesha kama zimepenya ganda la kinundu. Ganda lote lazima likatwe na kuangaliwa kwa darubini, kwa hiyo kinundu kinatolewa pamoja na nusu ya tezi. Kutoa tezi nzima mapema kungemfunga kwenye vidonge maisha yake yote, pengine bure.

Alitolewa nusu ya kulia. Ganda lilikuwa zima, hakuna mshipa uliovamiwa, wakaiita NIFTP, yaani uvimbe wa thairoidi usiovamia. Haihesabiwi tena kuwa saratani, hivyo hakuna upasuaji wa pili wala ayodini ya mionzi. Alhamdulillahi! Sasa tunasubiri TSH ya wiki ya 6, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya thairoidi inatosha, maana nusu iliyobaki wakati mwingine haitoshi.